Kabla ya kuiacha seva, uliza nani anasubiri jibu

Ukikaa na waandika programu wakijadili vitendaji bila seva, hutakaa muda mrefu kabla ya kusikia neno mwanzo baridi. Mmoja atasema teknolojia hiyo haifai kwa kazi ya kweli kwa sababu ombi la kwanza huchelewa. Mwingine atamjibu kwamba tatizo hilo lilishakwisha, kwani yeye hukigonga kitendaji chake kila baada ya dakika tano kisilale. Nionavyo mimi, wote wawili wameshika jambo dogo wakaliacha kubwa. Mwanzo baridi unaogopwa kupita kiasi, ukomo wa muda hauogopwi vya kutosha, na kinachoamua kama kazi fulani inafaa au haifai ni kichochezi chake: tukio gani linalokiamsha kitendaji, na je, upande wa pili yupo mtu au mfumo uliosimama ukingoja jibu?

Kitendaji bila seva ni kipande cha programu unachomkabidhi mwenye wingu. Kikitokea kitu, ombi la wavuti, faili jipya, ujumbe kwenye foleni au saa iliyopangwa, yeye hutafuta mashine, hukiendesha, kisha hukutoza kwa muda kilichotumia. Seva zipo, ila huzioni wala huzitunzi. Nitazungumzia AWS Lambda, iliyotangazwa Novemba 2014, kwa sababu ndiyo iliyoenea zaidi na mipaka yake imeandikwa wazi. Azure na Google wana mipaka ya namba tofauti, lakini mantiki haibadiliki.

Tuchukue mfumo mmoja wa kutunga, wenye kazi ambazo mwandika programu yeyote wa Nairobi atazitambua. Ni mfumo wa vikundi vya akiba, vile Wakenya wanavyoviita chama na Watanzania vikoba. Una wanachama 40,000 na michango huingia kwa M-Pesa kupitia namba ya paybill. Una kazi nne. Kwanza, Safaricom anauliza kabla ya kuupitisha mchango: namba hii ya akaunti ipo? Pili, mchango ukishapita, Safaricom analeta taarifa kwamba fedha zimeingia. Tatu, mwanachama anapiga msimbo wa USSD kuangalia salio. Nne, mwisho wa mwezi kila mwanachama anatumiwa muhtasari wa akiba yake. Kazi zote nne zinaweza kuandikwa kama vitendaji. Moja inafaa kabisa, mbili zinafaa kwa masharti, na moja, ikiandikwa jinsi watu wengi wanavyoiandika mara ya kwanza, italeta aibu.

Tuanze na baridi yenyewe. Ombi likifika na hakuna mashine iliyo tayari, Lambda huandaa mashine pepe ndogo kwa kutumia Firecracker, programu ambayo AWS waliifanya huria mwaka 2018. Huleta msimbo wako, huwasha lugha uliyotumia, kisha huendesha kila kilichoandikwa nje ya kitendaji chenyewe: kupakia maktaba, kusoma nywila za siri, kufungua muunganisho wa hifadhidata. Baada ya hapo ndipo ombi lako hushughulikiwa. Kazi ikiisha, mashine ile haivunjwi papo hapo. Huachwa kwa muda, na ombi linalofuata likiikuta halipiti tena hatua hizo. Hatua za mwanzo ni za AWS nao wamezifupisha sana. Firecracker huhitaji kama milisekunde 125 tu kuifikisha mashine mahali pa kuendesha programu. Sehemu ndefu mara nyingi ni ile ya mwisho, na hiyo ni yako wewe uliyepakia maktaba nzima ili utumie amri mbili.

Huhitaji kukisia. Kila kitendaji kinapomaliza, Lambda huandika mstari mmoja kwenye logi, na ombi lililokuta baridi hujulikana kwa neno `Init Duration`:

```
REPORT RequestId: 3f1c... Duration: 184.12 ms Billed Duration: 1597 ms
Memory Size: 512 MB Max Memory Used: 121 MB Init Duration: 1412.55 ms
```

Hapa kazi yenyewe ilichukua chini ya robo ya sekunde, na maandalizi yakachukua karibu sekunde moja na nusu. Tazama pia muda uliotozwa: tangu Agosti 2025 maandalizi nayo yanalipiwa, kwa hiyo uzito wa maktaba zako sasa unaonekana hadi kwenye ankara. Ukitaka kujua mara ngapi jambo hili hutokea, swali fupi kwenye CloudWatch Logs Insights linatosha:

```
filter @type = "REPORT"
| stats count(*) as maombi, count(@initDuration) as baridi,
        max(@initDuration) as ndefu by bin(1h)
```

AWS wenyewe husema kwamba kwa kawaida mwanzo baridi hugusa chini ya asilimia moja ya maombi. Kwa mfumo wetu wa akiba, asilimia hiyo itapanda alfajiri, wakati maombi ni machache na yako mbalimbali. Sasa rudi kwenye swali langu. Muhtasari wa mwisho wa mwezi ukichelewa sekunde moja na nusu, nani ataumia? Hakuna. Taarifa ya mchango uliokwisha kupita ikichelewa sekunde hizo hizo, bado hakuna. Lakini mwanachama aliyepiga USSD ameshika simu mkononi, na mtandao wa simu una subira yake ndogo. Baridi ni ile ile. Kilichobadilika ni mtu aliye upande wa pili.

Dawa ya kukigonga kitendaji kila dakika chache imekuwa desturi, nami siipendi, kwa sababu inatokana na kutoelewa jinsi mashine hizi zinavyogawa kazi. Mashine moja ya Lambda hushughulikia ombi moja tu kwa wakati mmoja. Ukigonga kila dakika tano, unaweka joto mashine moja. Wanachama wawili wakipiga USSD kwa sekunde ile ile, wa kwanza atapata ile yenye joto na wa pili ataandaliwa mpya, baridi. Ndiyo maana mwanzo baridi hauji usiku wa kimya peke yake. Unakuja pia mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, saa ambayo hukutaka kabisa uje. Kuna pia imani nyingine ya zamani, kwamba kitendaji kilichowekwa ndani ya mtandao wa faragha huchelewa sekunde kumi na zaidi. Ilikuwa kweli, lakini AWS waliubadilisha mfumo huo mwaka 2019, na anayeitoa hoja hiyo leo anasoma habari za zamani.

Idadi ya mashine zitakazohitajika unaweza kuipata kwa hesabu ya kidato cha kwanza: maombi kwa sekunde mara muda wa ombi moja. Tuseme jioni ya mwisho wa mwezi tunapokea taarifa 50 za michango kwa sekunde, na kila moja inachukua sekunde 0.2. Hizo ni mashine 10. Hakuna wa kukosa usingizi. Sasa hifadhidata izidiwe kidogo, na kila ombi lichukue sekunde 3. Michango haijaongezeka hata mmoja, lakini mashine zimekuwa 150, na kila moja inataka muunganisho wake. PostgreSQL, usipoibadilisha, huruhusu miunganisho 100. Ya 101 inakataliwa. Hifadhidata iliyokuwa imechoka sasa inapigwa na watu wanaojaribu kuingia upya, inazidi kuchoka, maombi yanazidi kurefuka, na mashine zinazidi kuongezeka. Seva ya kawaida ingekuwa na hodhi la miunganisho ishirini na foleni ndani yake. Ingekuwa polepole, lakini isingeiua hifadhidata. Uwezo wa kutanuka ambao ndio sifa kuu ya vitendaji bila seva una maana tu kama kilicho nyuma yake nacho kinatanuka, au kama umeweka kizuizi katikati.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ukomo wa muda, ambao naona ndio umeumiza mifumo mingi kuliko baridi. Kitendaji kipya cha Lambda huwa na ukomo wa sekunde 3. Unaweza kuupandisha hadi dakika 15, na tangu Oktoba 2018 huo ndio mwisho. Watu wakiona `Task timed out after 3.00 seconds` kwa mara ya kwanza, wengi hupandisha moja kwa moja hadi juu kabisa, eti kwa usalama. Ni usalama wa ajabu. Chukua kitendaji cha kupokea taarifa ya mchango ambacho, baada ya kuandika kwenye hifadhidata, kinamtumia mwanachama SMS kupitia kampuni nyingine. Siku moja seva za SMS zinapokea muunganisho lakini hazijibu. Maktaba ya `requests` ya Python, usipoiambia isubiri muda gani, husubiri bila kikomo. Kwa hiyo kila kitendaji kinakaa dakika 15. Kwa taarifa 50 kwa sekunde, ndani ya sekunde 20 umeshika mashine 1,000, ambazo ndizo kiwango cha kawaida cha akaunti nzima katika eneo moja la AWS. Kuanzia sekunde ya 21, si taarifa za michango tu zinazokataliwa. USSD nayo inakataliwa, na muhtasari nao, kwa sababu vyote vinachota kwenye fungu moja. Umeangushwa na SMS ya shukrani.

Mbaya zaidi, aliyekuita hasubiri dakika hizo 15. Ombi likipitia API Gateway, lango hilo kwa kawaida hukata baada ya sekunde 29 na kumrudishia mwitaji kosa. Kukata huko hakukisimamishi kitendaji. Kinaendelea, kinatozwa, na kinaandika kwenye hifadhidata kazi ambayo mwitaji ameshaambiwa imeshindikana. Akijaribu tena, unapata mchango mmoja uliorekodiwa mara mbili. Na kitendaji kikifikia ukomo wake chenyewe, hakipewi nafasi ya kuaga: msimbo wako wa kukamata makosa hauendeshwi, mashine inawekwa upya, na ombi linalofuata kwenye mashine hiyo linalipa gharama ya maandalizi kwa mara nyingine. Ukiona baridi nyingi zisizoeleweka mchana kweupe, tafuta kwanza kama kuna ukomo uliofikiwa.

Kanuni yangu ni kwamba subira ipungue kadiri unavyoingia ndani. Kama lango linasubiri sekunde 29, kitendaji kipewe 20, hifadhidata ipewe 5 na huduma ya nje ipewe 3. Namba zenyewe utazipata kwa kupima. Muhimu ni mpangilio, ili wa ndani achoke kabla ya wa nje, na msimbo wako ubakiwe na muda wa kuandika kosa na kujibu kwa adabu.

Sasa ile kazi ya aibu. Mwandika programu anaandika kitendaji kimoja cha muhtasari wa mwisho wa mwezi: soma wanachama wote 40,000, zunguka mmoja mmoja, tengeneza muhtasari, tuma. Kila mmoja anachukua sekunde 0.15. Alipojaribu na wanachama 200, kilimaliza kwa nusu dakika, akapanga kiamshwe na saa kila tarehe ya mwisho. Fanya hesabu: 40,000 mara 0.15 ni sekunde 6,000, yaani dakika 100. Kwenye dakika ya 15, wanachama 6,000 wameshapokea na kitendaji kinakatwa. Lakini kichochezi cha saa huita bila kusubiri jibu, na kwa miito ya aina hiyo Lambda ina desturi yake: kazi ikishindwa, huirudia mara mbili zaidi, ya kwanza baada ya kama dakika moja, ya pili baada ya kama dakika mbili. Inarudia tangu mwanzo, kwa kuwa haijui ulifika wapi. Matokeo ni kwamba wanachama 6,000 wa kwanza wanapokea muhtasari mara tatu, na 34,000 waliobaki hawapokei kitu. Simu za malalamiko zitatoka makundi yote mawili, zikipingana.

Wengi wakiona hivyo husema: basi kazi ndefu hazifai kwa vitendaji. Si sahihi. Kazi ndefu isiyogawanyika ndiyo isiyofaa. Muhtasari wa mwanachama mmoja haumhitaji mwenzake, kwa hiyo kazi ya dakika 100 ni kazi 40,000 za sekunde 0.15 zilizovishwa koti moja. Kitendaji cha kwanza kisome orodha tu na kuweka ujumbe mmoja kwa kila mwanachama kwenye foleni ya SQS, kumi kumi. Hiyo ni miito 4,000, na inaisha kwa dakika chache. Kitendaji cha pili kiamshwe na foleni, kichukue jumbe kumi kwa mara moja na kuzimaliza kwa sekunde 1.5. Kwenye kiungo cha foleni na kitendaji weka idadi ya juu ya mashine 20. Ishirini zikifanya kazi pamoja zinamaliza kama wanachama 133 kwa sekunde, yaani wote 40,000 kwa dakika tano hivi, na hifadhidata haioni zaidi ya miunganisho 20. Ile 20 ndiyo kizuizi nilichokitaja.

Foleni nayo ina saa yake, na hapa watu huteleza. Ujumbe ukichukuliwa hufichwa kwa muda, na usipofutwa kabla muda huo haujaisha, hutokea tena na kuchukuliwa na mwingine. AWS wanashauri muda wa kuficha uwe angalau mara sita ya ukomo wa kitendaji: kitendaji cha sekunde 30, foleni ifiche dakika tatu. Na katika kundi la jumbe kumi, mmoja ukishindwa, usipowasha `ReportBatchItemFailures` kundi zima linarudishwa, zikiwamo tisa zilizokwisha kushughulikiwa. Ujumbe ulioshindwa mara kadhaa upelekwe kwenye foleni ya mabaki mtu auangalie. Usipoiweka foleni hiyo, ujumbe mmoja wenye jina lililoandikwa vibaya utazunguka hadi muda wake wa kuhifadhiwa uishe, ambao kwa kawaida ni siku nne.

Michango ya M-Pesa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini ninasema kichochezi ndicho mwamuzi. Kwenye API ya Daraja, malipo ya paybill huweza kuleta maombi mawili. La uhakiki huja kabla fedha hazijapita, na wewe unajibu pokea au kataa. La uthibitisho huja baada ya fedha kupita, kukuarifu tu. Ni muamala mmoja na data zinafanana, lakini kwa mbuni wa mfumo hizi ni kazi mbili zisizo na undugu.

Kwenye uthibitisho hakuna anayehitaji uamuzi wako. Fedha zimeshaingia. Kwa nini basi Safaricom asubiri huku wewe unaandika kwenye hifadhidata, unakokotoa salio na kutuma SMS? API Gateway inaweza kuuweka ujumbe moja kwa moja kwenye foleni ya SQS na kurudisha jibu la kukubali, bila kitendaji chochote katikati. Kitendaji huamshwa baadaye na foleni. Kwa mabadiliko hayo tu, mwanzo baridi umetoweka kwenye njia ya malipo, si kwa sababu umekuwa mfupi bali kwa sababu hakuna anayeuona. SMS ikigoma, foleni inajaa na kusubiri. Hakuna mchango unaopotea. Kazi ile ile iliyokuwa hatari sasa ni ya kufaa kabisa, na hukubadilisha hata lugha.

Gharama yake ni kwamba foleni ya kawaida ya SQS huahidi kuufikisha ujumbe angalau mara moja, na angalau maana yake huweza kuwa mara mbili. Nimekuwa nikisikia watu wakiliita jambo hili hitilafu. Ni mkataba, umeandikwa, na ni juu yako kuufuata: andika msimbo ambao ukirudiwa matokeo hayabadiliki. M-Pesa imekupa namba ya risiti isiyojirudia, itumie:

```sql
INSERT INTO malipo (risiti, akaunti, kiasi)
VALUES ($1, $2, $3)
ON CONFLICT (risiti) DO NOTHING;
```

Salio liongezwe ndani ya muamala huo huo wa hifadhidata, na liongezwe tu ikiwa safu mpya imeingia kweli. Ukiongeza salio kwanza ndipo uandike risiti, umejenga mlango wa mchango kuhesabiwa mara mbili, na utakuja kuugundua siku ya kugawana fedha.

Uhakiki ni jambo jingine. Pale Safaricom anasubiri jibu, na mwanachama amesimama nyuma yake. Huwezi kuweka foleni. Usipojibu kwa wakati, uamuzi unafanywa kwa mujibu wa `ResponseType` uliyoisajili: `Completed`, malipo yapite bila wewe, au `Cancelled`, yafutwe. Kwa chama, ningechagua `Completed`. Mchango uliokuja na namba mbovu utarekebishwa, kuliko mama wa sokoni kukataliwa mchango wake kwa sababu mashine yetu ilikuwa inajiandaa. Uhakiki unaweza kukaa kwenye kitendaji, lakini kiwe chembamba: kisome jedwali moja, kijibu, kisitume SMS, kisipakie maktaba ya kutengeneza PDF eti kwa kuwa inatumika kwingine kwenye mradi.

USSD iko kundi hilo hilo la wanaosubiri, na huko mambo ni magumu kidogo. Kila hatua ya menyu ni ombi jipya la wavuti. Kwa lango kama la Africa's Talking unajibu maandishi yanayoanza na `CON` kikao kikiendelea au `END` kikiisha. Hatua ya pili na ya tatu kwa kawaida hukuta mashine ya hatua ya kwanza ikiwa bado na joto, kwa hiyo mateso huwa kwenye skrini ya kwanza. Kama kitendaji kimeandikwa kwa Java na fremu nzito, washa SnapStart, inayohifadhi picha ya mashine iliyokwisha kujiandaa. Ilianza na Java mwaka 2022 na ikafika Python na .NET mwaka 2024. Au nunua mashine zilizo tayari muda wote, zinazoitwa `provisioned concurrency`. Kwa bei ya Virginia, ambayo ni nafuu kuliko ya Cape Town, mashine moja ya MB 512 kwa mwezi wa siku 30 ni kama dola 5.40 kabla ya matumizi yenyewe, na tano ni dola 27. Hapo ndipo ninapokuwa mbishi: ukishaanza kulipia mashine tano zisizolala, umerudi kwenye seva, ila ya bei ya juu zaidi. Kama timu yako tayari ina seva ndogo inayotunzwa vizuri, iache USSD ikae huko.

Hesabu ya fedha kwa ujumla hufuata mwelekeo huo. Tuseme mfumo wetu unapata maombi 600,000 kwa mwezi, kila moja sekunde 0.2 kwa MB 512. Hizo ni gigabaiti-sekunde 60,000, sawa na dola moja, na senti 12 za maombi. Hakuna seva utakayoikodi kwa bei hiyo. Lakini chukua kazi isiyopumzika, kama programu inayosoma mkondo wa data usiku na mchana, uipe memori ya MB 1,769, kiwango ambacho Lambda hukupa kichakataji kimoja kamili. Mwezi mzima itakula karibu dola 75, na kila dakika 15 itakatwa. Kazi ya namna hiyo, au muunganisho unaobaki wazi kwa saa nyingi, usiilazimishe.

Ukishazihamishia kwenye foleni kazi zisizo na mtu wa kusubiri, utakutana na hitilafu ya aina mpya, nayo haipigi kelele. Lango linajibu vizuri, Safaricom ameridhika, grafu ya makosa ya lango iko sifuri, na kumbe kitendaji cha kusoma foleni kimekwama tangu saa mbili asubuhi kwa sababu mtu alibadilisha nywila ya hifadhidata. Kipimo cha kuangalia ni `ApproximateAgeOfOldestMessage`, yaani umri wa ujumbe mkongwe zaidi kwenye foleni. Kwa michango ningeweka kengele ilie ukizidi dakika tano, na nyingine ilie foleni ya mabaki ikipata hata ujumbe mmoja. Foleni yenyewe ya michango ningeiongezea muda wa kuhifadhi kutoka siku nne hadi 14, ambao ndio mwisho wa SQS, ili kengele isiposikika wikendi ya sikukuu, Jumanne bado kuwe na kitu cha kusoma.